Vidole Visivyoonekana: Kupanga Kibodi na Mausi kwa Gemu ya Simu

Gemu ya simu haina habari na kibodi. Iliyemtarajia ni mtu aliyeshika kioo mkononi, anayegusa mahali fulani, anaburuza kidole kidogo, kisha anakiondoa. Ukiifungua gemu hiyohiyo kwenye kompyuta kupitia emuleta, yaani programu inayoigiza simu nzima ndani ya Windows, gemu inaendelea kumsubiri mtu huyo. Unabonyeza W na hakuna anayetembea. Unasogeza mausi, mshale unapita juu ya picha, na mchezaji wako amesimama palepale akitazama mbele.

Kinachoziba pengo hilo ni ramani ya vibonye. Katika makala haya nitaita "kitufe" kile kilichochorwa kwenye kioo cha gemu, na "kibonye" kile unachokibonyeza kwenye kibodi. Emuleta kubwa zote zinakuja na chombo cha kuviunganisha hivi viwili. Kwenye BlueStacks 5, kwa mfano, unashika Ctrl, Shift na A kwa pamoja, na juu ya gemu inatokea meza ya kazi: unachukua alama ya mguso, unaiburuta hadi juu ya kitufe cha kuruka, unaandika Space, unahifadhi. Ukirudi kwenye mchezo na kubonyeza Space, mchezaji anaruka.

Kwa kuwa hatua hiyo ya kwanza ni rahisi hivyo, wengi huondoka na wazo kwamba kazi yote ndiyo hiyo: kuweka herufi juu ya kitufe. Wazo hilo linatosha kwa kuruka, kuchutama, kujaza risasi na kubadili silaha. Linashindwa kwenye mambo mawili yanayoamua kama gemu itachezeka, nayo ni kutembea na kulenga. Hapo unachopanga ni vidole. Unaamua kila kidole kitue wapi, kiende umbali gani, na kiinuliwe lini.

Emuleta hukamata kibonye chako kabla Android iliyo ndani yake haijakiona. Badala ya kupeleka habari kwamba "W imebonyezwa", inapeleka taarifa za kioo: kidole fulani kimetua hapa, sasa kimefika pale, sasa kimeondoka. Android inaweza kufuatilia vidole kadhaa kwa wakati mmoja, na kila kimoja hubaki na namba yake tangu kinapotua hadi kinapoinuliwa. Kisha linakuja jambo ambalo ningependa kila anayepanga ramani alishike: katika gemu nyingi za kufyatuliana risasi, kidole hupewa kazi pale kinapotua, na hakibadilishi kazi hiyo hadi kiinuke. Kikitua juu ya joistiki, ni cha kutembea hata kikiburuzwa hadi katikati ya kioo. Kikitua kwenye nafasi tupu ya upande wa kulia, ni cha kugeuza kamera hata kikipita juu ya kitufe cha kuruka.

Tuchukue Free Fire, gemu ya Garena iliyotoka mwaka 2017, tuipangie vidole. Tuseme emuleta imewekwa kwenye pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, na tunahesabu kuanzia kona ya juu kushoto. Joistiki iko chini kushoto, na kitovu chake kiko asilimia 16 ya upana na asilimia 75 ya kimo. Hiyo ni nukta ya 307 kwa upana na 810 kwenda chini.

Chombo cha kutumia hapa kinaitwa `D-pad`, nacho hubeba W, A, S na D kwa mpigo. Ukibonyeza W, emuleta inatua kidole kwenye kitovu, 307 na 810, kisha inakisogeza juu hadi mwisho wa nusu kipenyo uliochagua. Tuseme nusu kipenyo hicho ni pikseli 150. Kidole kinafika 307 na 660, na mchezaji anakwenda mbele. Ukiongeza D bila kuachia W, kidole hakiinuki. Kinateleza hadi 413 na 704, yaani mshazari wa kulia, umbali uleule kutoka kwenye kitovu. Ukiachia W na kubaki na D, kinateleza tena hadi 457 na 810. Ukiachia vyote, ndipo kinapoinuka. Muda wote huo ni kidole kimoja.

Linganisha na anayeweka alama nne za mguso wa kawaida, moja juu ya joistiki, moja chini, moja kushoto na moja kulia. W na D zikibonyezwa pamoja, gemu inaona vidole viwili vikigombea joistiki moja, na kwa kawaida inamsikiliza wa kwanza na kumpuuza wa pili. Ukiona mchezaji wako anakwenda mbele, nyuma na pembeni lakini hawezi kukata mshazari, angalia hapo kwanza. Tena kama joistiki ni ile inayoelea, ambayo kitovu chake huhamia popote kidole kinapotua, hata W peke yake haitafanya kitu: kidole kimetua na hakikusogea, kwa hiyo gemu haijaambiwa mwelekeo wowote.

Nusu kipenyo nacho kina maana yake. Kikiwa kifupi mno mchezaji anatembea polepole au hatoki kabisa, maana karibu na kitovu gemu huacha eneo dogo lisilosikia ili mtetemo wa kidole usimsogeze mtu. Kikiwa kirefu mno upande wa juu, gemu nyingi za aina hii hutafsiri kwamba unataka kukimbia bila kuachia, na mchezaji anajifungia kwenye mbio. Njia nzuri ni kukiweka kiishie kwenye ukingo wa duara linaloonekana, halafu mbio uzipe kibonye chake, mara nyingi Shift.

Sasa tuharibu kitu makusudi. BlueStacks huhifadhi mahali pa kila alama kwa asilimia za kioo, si kwa pikseli. Ukitoka 1920 kwa 1080 ukaenda 1280 kwa 720, umbo ni lilelile na kila kitu kinabaki mahali pake. Lakini tuseme umebadili umbo: umerefusha kioo hadi 2160 kwa 1080 ili kifanane na simu za siku hizi. Gemu nyingi hupima vitufe kuanzia ukingo wa karibu, kwa hiyo joistiki inabaki pikseli 307 kutoka kushoto. Ramani yako inaendelea kusema asilimia 16, na asilimia 16 ya 2160 ni karibu 346. Kidole sasa kinatua pikseli 39 kulia kwa kitovu halisi.

Ukibonyeza W kwenye joistiki isiyoelea, gemu inachora mstari kutoka kitovu chake, 307 na 810, hadi kidole kilipo, 346 na 660. Mstari huo umeinamia kulia kwa takribani nyuzi 15. Mchezaji anakwenda mbele huku akivutwa upande, na wewe unarekebisha kwa mausi kila baada ya hatua chache bila kujua kwa nini. Dalili iko wazi ukiitafuta: W na S zote zinavutia kulia, ilhali A na D zinakwenda sawa. Maana yake kosa liko kwenye upana. Kama ni A na D zinazopinda na W na S ziko sawa, basi kitovu kimekosewa kwa kimo. Dawa yake ni kuburuta alama ya `D-pad` hadi kitovu chake kikae juu ya kitovu cha joistiki. Ndiyo maana inafaa kuchagua umbo la kioo kwanza na kupanga ramani baadaye.

Kutembea ndiyo sehemu nyepesi. Kazi kubwa iko kwenye mausi, kwa sababu mausi na kidole ni viumbe wawili tofauti. Mausi hutoa habari ya mwendo tu: nimesogea hatua kadhaa kulia, hatua kadhaa juu. Haina mwisho, unaweza kuizungusha upande mmoja mpaka kesho. Kidole kina mahali, na mahali hapo lazima pawe ndani ya kioo. Kwenye gemu za kompyuta mwendo wa mausi huenda moja kwa moja kwenye kamera. Android yenyewe iliwapa watengenezaji njia ya kukamata mausi namna hiyo tangu toleo la 8.0 la mwaka 2017, lakini gemu iliyoundwa kwa ajili ya kidole haiiombi, na emuleta haiwezi kuiombea. Kwa hiyo emuleta inabaki na njia moja: kutua kidole kwenye nafasi tupu ya kulia na kukiburuza kadiri mausi inavyokwenda.

Kwenye BlueStacks chombo hiki kinaitwa `Aim, pan and shoot`. Alama yake kuu ndiyo nukta ambayo kidole cha kamera kitatua. Tuseme umeiweka 1248 na 432, kulia kidogo ya katikati. Mausi yako ni ya DPI 800, yaani hutoa hatua 800 kwa kila inchi ya mkono, na tuseme emuleta inageuza hatua moja kuwa pikseli moja. Kutoka 1248 hadi ukingo wa kulia ni pikseli 672. Mkono wako ukisogea kulia sentimita mbili na kidogo tu, kidole kimefika ukingoni.

Hapo hakuna pa kwenda. Emuleta inakiinua, inakirudisha 1248 na 432, inakitua tena na kuendelea kuburuza, kama mpiga kasia anayelitoa kasia majini ili alirudishe mbele. Katika muda huo mfupi kamera haigeuki. Ukizungusha mausi taratibu kwa mwendo mmoja utauona mkwamo huo: picha inateleza, inashika kidogo, inateleza tena, kwa vipindi vinavyolingana. Wengi huilaumu kompyuta kwamba ni nzito. Uzito wa kompyuta hauna mpangilio. Unakuja moshi unapotanda au maadui wanapokusanyika. Mkwamo wa kidole huja kila baada ya umbali uleule wa mkono, hata ukiwa peke yako kwenye uwanja wa mazoezi.

Tiba yake ni kugawanya sensi upya. Wachezaji wanajua sensi ya ndani ya gemu, inayoamua kamera igeuke kiasi gani kwa kila pikseli ya kidole. Emuleta ina ya kwake, inayoamua kidole kiende pikseli ngapi kwa kila hatua ya mausi. Ukipunguza ya emuleta kwa nusu na kuongeza ya gemu maradufu, kamera inageuka kama mwanzo, lakini sasa mkono unakwenda zaidi ya sentimita nne kabla kidole hakijafika ukingoni. Mikwamo inapungua kwa nusu. Kuna mpaka wake hata hivyo. Ukiipandisha sana sensi ya gemu, kila hatua ndogo ya kidole inakuwa mruko mkubwa wa kamera, na kulenga mtu aliye mbali kunakuwa kwa vipande: nukta inamruka kushoto, inamruka kulia, haimkai kifuani. Mimi huanza na sensi ya gemu iliyo juu kidogo ya katikati, kisha narekebisha ya emuleta peke yake hadi mzunguko mmoja wa mkono unigeuze nusu duara.

Kabla ya hapo ondoa jambo moja linalovuruga hesabu yote, nalo ni kasi inayojiongeza. Kwenye Windows kuna kisanduku cha `Enhance pointer precision`, kinachofanya mshale uende mbali zaidi ukiusogeza kwa haraka. Kitoe alama. Baadhi ya gemu nazo zina kasi kama hiyo ndani yake. Call of Duty: Mobile, kwa mfano, ina chaguo la namna kamera inavyogeuka, na kwa mausi linalofaa ni `Fixed Speed`. Kujua kama bado ipo, weka rula mezani, sogeza mausi sentimita tano polepole, kisha sentimita tano kwa haraka. Kama kamera haijageuka sawa, kuna mahali kasi inaongezwa.

Mahali pa kutua kidole cha kamera panahitaji macho makini, kwa sababu kitatua tena na tena kila kinapofika ukingoni. Kumbuka kanuni ya kazi kupewa pale kidole kinapotua. Ukiiweka nukta hiyo mahali ambapo orodha ya vitu vya kuokota hujitokeza, basi siku zote utakapogeuka sana karibu na vitu vilivyoanguka, utaokota usichokitaka. Orodha hiyo haionekani unapopanga ramani ukiwa kwenye ukumbi wa kusubiri, na ndiyo maana tatizo huibuka katikati ya vita. Nashauri upange ukiwa umesimama juu ya silaha iliyoanguka, na uipange tena kidogo ukiwa ndani ya gari, kwa sababu vitufe vya gari hutokea mahali pengine kabisa.

Kufyatua ni kidole cha tatu. Kwenye simu, wachezaji wa Free Fire hukibonyeza kitufe cha kufyatua na papo hapo kukiburuza juu ili nukta ipande kichwani. Kidole kimoja kinafanya kazi mbili. Kwenye emuleta kazi hizi hutenganishwa. Kibonye cha kushoto cha mausi kinatua kidole kwenye kitufe cha kufyatua na kukituliza hapohapo, huku kidole cha kamera kikiendelea kuburuzwa mahali pake. Kwa hiyo usipandishe alama nyingine ya mguso ya mausi juu ya kitufe hicho. Chombo cha kulenga tayari kina alama yake ndogo ya kufyatua, na kinachotakiwa ni kuisogeza ikae katikati ya kitufe.

Wakati wa kulenga, mshale wa mausi unatoweka, na hilo linaleta swali la begi, ramani na kifungo cha kukubali mwaliko. BlueStacks hutumia F1 kuingia na kutoka kwenye hali ya kulenga. Ukitoka, mausi inarudi kuwa mshale wa kawaida na unagusa chochote. Watu wengi huhamishia kazi hiyo kwenye kibonye kilicho karibu na kidole gumba, na nakubaliana nao: F1 iko mbali, na mkono ukitoka kwenye W wakati unapigwa risasi, unakuwa umesimama.

Yote niliyoeleza yanaonekana kwa macho ukiiomba Android ivichore hivyo vidole. Kwenye chaguo za wasanidi programu kuna `Show taps`, inayoweka doa jeupe kila kidole kinapotua, na `Pointer location`, inayochora njia ya kidole na kuandika namba za mahali kilipo. Kama emuleta yako imefungua mlango wa ADB na una programu ya adb kwenye kompyuta, unaweza kuziwasha hivi:

```
adb connect 127.0.0.1:5555
adb shell settings put system show_touches 1
adb shell settings put system pointer_location 1
```

Namba ya mlango, hapa 5555, isome kwenye mipangilio ya emuleta yako. Ukishaziwasha, ingia kwenye uwanja wa mazoezi, bonyeza W na utazame doa linatua wapi na mstari unapanda kuelekea wapi. Pindo la nyuzi 15 tulilolihesabu utaliona limechorwa.

Adb inasaidia pia kutenganisha makosa mawili yanayofanana. Tuseme Space haimrushi mchezaji. Je, mahali pamekosewa, au kibonye hakifiki? Gusa kwa amri, bila kibodi kuhusika:

```
adb shell input tap 1670 700
```

Weka namba za alama yako badala ya hizi. Akiruka, mahali ni sahihi na tatizo liko kwenye kibonye: pengine kimepewa kazi mbili, au uko nje ya hali ya kulenga. Asiporuka, alama imetua pembeni, na mara nyingi sababu ni kwamba gemu imesasishwa au umevihamisha vitufe kwenye mipangilio yake bila kuifuata kwenye ramani.

Kuna kosa moja ambalo adb haitalionyesha. Kibodi nyingi za bei nafuu hushindwa kusoma baadhi ya vibonye vitatu vikibonyezwa kwa pamoja. Unakimbia mshazari kwa W na A, unabonyeza Space, hakuna kuruka. Unaachia A, sasa anaruka. Ukiona hivyo, fungua Notepad, shika W na A kisha gonga Space. Kama nafasi haiingii kwenye maandishi, kibodi yenyewe ndiyo inayokinyima kibonye, na hakuna ramani itakayolitatua hilo isipokuwa kuhamishia kuruka kwenye kibonye kingine au kwenye kibonye cha pembeni cha mausi.

Ramani ikishakaa sawa, itoe nakala kwa kutumia chaguo la kuhamisha lililo kwenye meza ya kupangia, uihifadhi nje ya emuleta, kwa sababu kuiondoa na kuisakinisha upya kunaweza kufuta kila kitu. Na kabla hujamwalika rafiki, jua gemu yako inawachukuliaje wa emuleta. PUBG Mobile huwatambua na kuwapanga wapambane wao kwa wao. Kikosi kikiwa na mtu mmoja wa kompyuta, kikosi kizima kinaingizwa upande huo. Rafiki yako mwenye simu mkononi atajikuta dhidi ya watu wenye mausi, kwa hiyo mwambie kabla hajakubali mwaliko. Vilevile, kuruhusiwa kucheza kwa kibodi hakumaanishi kuruhusiwa kuweka kibonye kimoja kinachofanya mambo kumi yenyewe: kufyatua, kushusha mtutu, kuchutama na kujaza risasi kwa mpangilio uliorekodiwa. Gemu za ushindani huhesabu hilo kuwa udanganyifu, na anayefungiwa akaunti hupoteza pamoja nayo kila alichokinunua ndani yake.